Umelipa kwa kadi, mzigo haujafika Mtwara: hela inarudije?

Mweleze mtu yeyote hapa Mtwara kwamba umenunua kitu mtandaoni, umelipa kwa kadi na mzigo haujaja, na kuna majibu matatu utakayoyasikia. Wa kwanza atakuambia imekula kwako. Wa pili atakutuma polisi. Wa tatu atakunong'oneza uende benki useme kadi yako imeibiwa. La kwanza si kweli. La pili lina mahali pake, lakini si njia ya kurudisha hela uliyolipa kwa kadi. La tatu ndilo baya kuliko yote, maana linaweza kuua dai ambalo ungeshinda bila taabu.

Utaratibu wenyewe upo, ni wa miaka mingi, na watu wa benki wanauita chajibaki. Maana yake ni hii: mwenye kadi anaiambia benki yake kwamba muamala fulani una kasoro, benki yake inaidai benki ya muuzaji, na kama dai ni halali, hela inarudi kwa njia ileile iliyopita. Kanuni zake hazitungwi na benki ya Mtwara wala na muuzaji. Zinatungwa na mtandao wa kadi, yaani Visa au Mastercard, kutegemea nembo iliyo kwenye kadi yako.

Ili uone kwa nini inawezekana, tazama hela inapopitia. Ukilipa kwa kadi, hela haiendi mkononi kwa muuzaji. Inatoka benki yako, inapita kwenye mtandao wa kadi, inaingia benki ya muuzaji, ndipo inafika kwake. Ni sawa na mzigo uliotuma Dar kwa basi. Usipofika, huanzi kumsaka utingo barabarani. Unarudi na risiti yako kwenye ofisi ya basi ulikolipia hapa Mtwara, nao wanaulizana na ofisi yao ya Dar. Kwenye kadi, ofisi yako ni benki iliyokupa kadi. Wewe hudaiani na benki ya muuzaji iliyoko Ulaya au China, na huna haja ya kuijua jina.

Hapa kuna dhana mbili za kuondoa mapema. Ya kwanza ni kwamba haki hii ni ya wenye kadi za mkopo peke yao. Sivyo. Kadi ya kawaida inayokata kwenye akaunti yako ya akiba, ilimradi ina nembo ya Visa au Mastercard, inaingia kwenye utaratibu huohuo. Hata kadi ya mtandaoni unayoitengeneza kwenye simu kupitia huduma ya pesa ya mtandao wako inaingia. Tofauti ni kwamba malalamiko unayapeleka kwa aliyekupa kadi hiyo. Lakini kama ulimtumia muuzaji hela moja kwa moja kwenye namba yake ya simu, hiyo si kadi, na chajibaki haipo. Ulisukuma hela mwenyewe kwa mtu, na njia ya kuirudisha ni nyingine kabisa. Ndiyo maana muuzaji anayeonyesha kitufe cha kadi kisha akakuambia "kadi inasumbua leo, tuma tu kwenye namba hii" anakuvua kinga uliyokuwa nayo.

Dhana ya pili inahusu ule ujumbe wa OTP. Wengi wanaamini kwamba ukishaingiza zile namba ulizotumiwa kwenye simu, umekubali yote na huwezi tena kudai. Namba zile zinathibitisha jambo moja tu: kwamba aliyelipa ni wewe mwenye kadi. Hazithibitishi kwamba mzigo ulifika. Kwa hiyo ukidai "sikufanya mimi muamala huu", OTP itakuangusha. Ukidai "nililipa mimi mwenyewe, ila sikuletewa nilichonunua", OTP haikugusi.

Ndiyo sababu ushauri wa kusema kadi imeibiwa ni mbaya. Benki hupeleka kila dai chini ya sababu maalumu. Kwa Visa, bidhaa ambayo haikufika ina namba yake, 13.1, madai ya wizi wa kadi yana namba nyingine. Ukisema umeibiwa, benki itafunga kadi, itapeleka dai la wizi, na benki ya muuzaji itajibu kwa kuonyesha kwamba OTP iliingizwa kutoka kwenye simu yako. Dai linakufa hapo, na umejiandikia maelezo ya uongo benki. Sema ukweli ulivyo, maana ukweli ndio wenye nguvu: niliagiza, nililipa, sikupokea.

Sasa tufuate mfano mmoja mwanzo hadi mwisho. Tuseme ni fundi cherehani wa Chikongola anayetaka mashine ya ovaloki. Ameipata kwenye tovuti ya nje kwa dola 180. Tarehe 4 Machi analipa kwa kadi ya Visa, na benki inamkata shilingi 471,600. Anapata barua pepe ya kuthibitisha oda: mzigo utamfikia Mtwara kati ya tarehe 25 Machi na tarehe 8 Aprili.

Barua pepe ile ndiyo karatasi yenye thamani kuliko zote kwenye jambo hili, na ndiyo watu wengi wanayoifuta. Inabeba vitu viwili vitakavyoamua kesi, yaani tarehe ya mwisho ya kutegemea mzigo na mahali pa kuufikisha.

Tuanze na tarehe. Tarehe 9 Aprili mzigo haujaja, na fundi wetu ana haki ya kukasirika, lakini bado hajafika wakati wa benki. Visa inataka mwenye kadi awe amejaribu kwanza kumalizana na muuzaji. Kama hakuna tarehe iliyoahidiwa, inataka pia benki isubiri siku 15 kuanzia siku ya muamala, ndipo ifungue dai. Kwa hiyo siku hizi za mwanzo azitumie kuandika. Si kupiga simu, kuandika, kwa sababu simu haiachi alama. Sentensi mbili zinatosha: oda namba fulani ya tarehe 4 Machi haijafika hadi leo, naomba mzigo au nirudishiwe hela. Anapiga picha ya skrini inayoonyesha ujumbe na tarehe yake.

Muuzaji anajibu kwamba meli zimechelewa, avumilie wiki mbili. Wiki mbili zinapita, anaandika tena, kimya. Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopotelea. Muuzaji mjanja hakatai kamwe. Anaomba wiki mbili, kisha mwezi, kisha anaahidi kurudisha hela "mwisho wa mwezi", na mnunuzi mstaarabu anasubiri. Wakati huo kuna saa nyingine inakimbia. Dai la bidhaa kutofika lina ukomo wa siku 120, na kwa fundi wetu zinahesabiwa kuanzia tarehe ya mwisho aliyoahidiwa, yaani tarehe 8 Aprili. Siku yake ya mwisho ni tarehe 6 Agosti. Mastercard nayo ina siku 120. Kama tarehe ya kufikisha iko mbali sana, kuna dari ya juu ya siku 540 tangu muamala, na huwezi kuipita kwa maelezo yoyote.

Kuna maafisa wa benki wanaohesabu siku 120 kutoka siku ya kulipa. Kwa mfano wetu hiyo ingekuwa tarehe 2 Julai. Ukiambiwa umechelewa, toa ile barua pepe yenye tarehe ya kufikisha na uombe wahesabu kutoka hapo. Mimi ningeshauri usifike huko. Muuzaji akishaomba muda mara ya pili bila namba ya ufuatiliaji inayosogea, nenda benki. Kufungua dai hakumzuii kuleta mzigo. Akiuleta, unaitaarifu benki na dai linafungwa.

Na akikuandikia kwamba hela itarudi iwapo utafuta dai kwanza, usifute. Dai ukishalifuta mara nyingi halifunguliki tena, na ahadi yake haina wa kuisimamia. Arudishe hela kwanza, uione kwenye akaunti, ndipo ufute.

Tarehe 5 Mei fundi anakwenda tawini. Tawi la Mtwara kwa kawaida haliamui jambo hili; linapokea fomu na kuipeleka kitengo cha kadi makao makuu. Ndiyo maana anayekuhudumia dirishani anaweza kuwa hajui kinachoendelea baadaye, na hupaswi kukata tamaa akikuambia "hizi za mtandaoni hazirudi". Omba fomu ya kulalamikia muamala wa kadi. Atajaza tarehe ya muamala, kiasi, namba 4 za mwisho za kadi, na jina la muuzaji kama linavyosomeka kwenye taarifa ya akaunti. Jina hilo linaweza lisifanane kabisa na jina la tovuti, kwa hiyo aandike yote mawili. Namba nzima ya kadi na zile 3 za nyuma haziandikwi popote, hata anayeziomba akisema ni wa benki.

Kwenye maelezo, aandike kwa kifupi: "Tarehe 4 Machi nilinunua mashine moja ya kushonea kwa dola 180. Ilipaswa kunifikia Mtwara ifikapo tarehe 8 Aprili. Sijaipokea. Nimemwandikia muuzaji mara mbili, nakala nimeambatisha. Naomba nirudishiwe dola 180." Hadithi ndefu ya uchungu haisaidii, kwa sababu atakayeisoma mwishoni anaweza kuwa mtu wa benki nchi nyingine, na anachotafuta ni tarehe, kiasi na ushahidi. Aambatishe uthibitisho wa oda, taarifa ya akaunti na mawasiliano na muuzaji. Aondoke na nakala iliyogongwa muhuri pamoja na namba ya kumbukumbu. Bila namba hiyo, mwezi ujao ataanza upya.

Baada ya hapo benki yake inafungua dai, na hela inavutwa kutoka benki ya muuzaji. Baadhi ya benki humwekea mteja hela ya muda kwenye akaunti wakati shauri linaendelea, nyingine husubiri mpaka mwisho. Ukiwekewa, usiitumie ukadhani yameisha. Muuzaji akishinda, itachukuliwa.

Upande wa pili una muda wake wa kujibu: kwa Visa ni siku 30, kwa Mastercard siku 45. Na hapa kuna jambo linalowashangaza wengi. Kama tovuti imefungwa na muuzaji ametoweka, watu huona ndiyo mwisho. Kwa kadi mara nyingi ni kinyume chake. Asiyejibu hupoteza, na benki iliyompokea muuzaji huyo kama mteja ndiyo inayobaki na pengo. Ilimkubali yenyewe, ikapata faida ya miamala yake, na hatari yake ni ya kwake. Muuzaji mgumu si yule aliyekimbia. Ni yule anayejibu kwa karatasi.

Kwa fundi wetu, muuzaji anajibu. Anatoa namba ya ufuatiliaji, na ukiiingiza kwenye tovuti ya msafirishaji inasomeka "Delivered", Mtwara, tarehe 29 Machi. Benki inampigia: mama, wanasema umepokea. Wengi hukata tamaa hapa, au wanaanza kumshuku karani wa mapokezi. Lakini ukurasa wa ufuatiliaji mara nyingi unaonyesha mji tu. Hauonyeshi jina la aliyepokea wala mtaa wake. Wapo wauzaji wanaotafuta kifurushi chochote kilichofikishwa kwenye mji wako, cha mtu mwingine kabisa, wakakupa namba yake.

Fundi anaisoma historia ya kifurushi kuanzia chini kwenda juu, na anaona vitu viwili. Uzito ulioandikwa ni gramu 40, wakati mashine ya ovaloki ya nyumbani ina kilo kama 6. Na msafirishaji alikipokea kifurushi hicho tarehe 1 Machi, siku 3 kabla yeye hajaagiza chochote. Anakwenda ofisi ya msafirishaji na kitambulisho chake, anaomba barua fupi: kifurushi chenye namba hii hakikuandikwa jina langu wala namba yangu ya simu. Hawatampa jina la aliyepokea, na halihitajiki. Barua hiyo na picha ya ukurasa wa ufuatiliaji anazipeleka benki ndani ya siku alizopewa. Siku hizo huwa chache, kwa hiyo ukipigiwa simu na benki ukiwa Newala au Tandahimba kwenye shughuli zako, usiseme utapita wiki ijayo.

Benki inalirudisha shauri kwa benki ya muuzaji pamoja na ushahidi mpya. Wakiendelea kubishana, hatua ya mwisho ni mtandao wa kadi wenyewe kuamua, na atakayeshindwa huko analipa gharama za mamia ya dola. Kwa mashine ya dola 180, benki ya muuzaji yenye karatasi inayoonyesha kifurushi cha gramu 40 haina sababu ya kufika huko, na kwa kawaida inakubali. Lakini benki yako nayo inapiga hesabu hiyohiyo, kwa hiyo ushahidi wako ukiwa dhaifu inaweza kukataa kwenda mbele.

Mfano huu uliisha vizuri kwa sababu ya anwani. Kwenye oda iliandikwa Mtwara. Wengi wetu huku kusini hatuagizi hivyo. Tunanunua mtandaoni, tunaandika anwani ya ghala la wakala wa mizigo aliyeko Guangzhou au Dubai, yeye anakusanya, anapakia kwenye kontena, mzigo unashukia Dar, na sisi tunaupokea kwa basi Mtwara, Masasi au Nachingwea. Ni njia nzuri na nafuu, lakini ujue mpaka wa chajibaki uko wapi. Muuzaji alitakiwa kufikisha mzigo kwenye anwani uliyompa. Ukishapokelewa kwenye ghala la wakala, kazi yake imekwisha. Mzigo ukipotea kati ya Guangzhou na Masasi, mdaiwa ni wakala, na kama wakala ulimlipa kwa simu au mkononi, kadi haina msaada. Kwa njia hii, mwombe wakala akutumie picha ya mzigo wako na tarehe ya kuupokea ghalani. Kama haujafika kwake, maelezo yake ya maandishi kwamba hajaupokea ndiyo ushahidi wako mkubwa.

Jambo jingine linalofanana na hilo ni forodha. Mzigo uliozuiwa bandarini au uwanja wa ndege ukisubiri ushuru haujahesabiwa kuwa haukufika kwa kosa la muuzaji. Visa inakataa dai la 13.1 kwa bidhaa iliyoshikiliwa na forodha ya nchi ya mnunuzi. Kabla hujakwenda benki, soma ufuatiliaji: ukiona mzigo umekwama kwenye hatua ya forodha, anza na msafirishaji na TRA.

Kama ulinunua kwenye soko la mtandaoni lenye dawati lake la malalamiko, anza huko, maana mara nyingi ni haraka zaidi. Ila angalia siku zao, kwa kuwa ni chache kuliko za kadi, na baadhi hufunga malalamiko yako wakiona umefungua dai benki. Nenda kimoja kwanza, kisha kingine, huku ukiikumbuka ile tarehe yako ya mwisho ya benki.

Na benki ikikataa kabisa kupokea fomu? Omba wakuandikie sababu. Kisha andika malalamiko rasmi kwa benki hiyohiyo, na usiporidhika na jibu, unayapeleka Benki Kuu. Tangu 2019 kuna kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha, na zinaitaka benki ishughulikie malalamiko ya mteja. Kwa watu wa kusini hakuna haja ya kusafiri hadi Dar, kwani Benki Kuu ina tawi hapa Mtwara mjini. Benki Kuu haitakuamulia kama ovaloki ilifika au haikufika. Itaiuliza benki yako kwa nini haikulishughulikia dai, na mara nyingi swali hilo linatosha kuitoa fomu kwenye droo.

Hela ikirudi, usishtuke isipolingana na iliyotoka. Fundi wetu alidai dola 180 na atarudishiwa dola 180, lakini zinabadilishwa kuwa shilingi kwa bei ya siku ya kurudi. Shilingi ikiwa imepanda, atapata pungufu ya zile 471,600. Ikiwa imeshuka, atapata zaidi kidogo. Makato ambayo benki yake ilichukua kwa muamala wa nje huenda yasirudi, na hayo ayaulize tawini, kwa sababu muuzaji hakuyapokea na hawezi kudaiwa. Kama alilipa kwa kadi ya mtandaoni ya kwenye simu, asiifute mpaka hela iingie.